Kuongea na laptopu iandike: nikisema "nukta" inaandika neno nukta, nikisema polepole ndo inaharibu zaidi. Mnafanyaje wenzangu?

#1 KatibuNzuguni
Habari za jioni wakuu. Mimi ni katibu wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa huku Nzuguni, wiki mbili zilizopita nilianguka na bodaboda mkono wa kulia ukavunjika, nimefungwa plasta mpaka kwenye kiwiko na daktari kasema wiki sita. Sasa muhtasari wa vikao lazima niandike mimi na kwa mkono wa kushoto naandika ukurasa mmoja lisaa lizima. Kijana wa jirani akanionyesha kuandika kwa sauti kwenye laptopu, unaongea maneno yanatokea yenyewe. Nikafurahi kweli. Lakini hebu oneni kilichotoka, nimekopi kama kilivyo:

"mwenye kiti alifungua kikao saa nne asubuhi nukta ali washukuru wajumbe kwa kufika kama kisha akasema mahari pa kikao kijacho patakuwa kwa mama lishe nukta mjumbe mmoja aliuliza je fedha za saruji zimepatikana alama ya kuuliza"

Nilichosema ni "mwenyekiti alifungua kikao saa nne asubuhi, nukta, aliwashukuru wajumbe kwa kufika, koma, kisha akasema mahali pa kikao..." Nilikuwa naongea polepole sana, neno moja moja, kama namsomea mtoto imla. Swali langu ni mawili. Nukta na koma nazisemaje ili ziwe alama na sio maneno? Na kwanini nikiongea taratibu ndo mambo yanazidi kuwa mabaya?

#2 Zabibu_Hombolo
Pole sana dada kwa mkono. Hiyo ni kwa sababu umeweka Kiingereza kwenye setingi. Badilisha lugha iwe Kiswahili itakaa sawa.

#3 KatibuNzuguni
@Zabibu_Hombolo asante kaka, lakini ipo Kiswahili (Tanzania) tangu mwanzo. Ingekuwa Kiingereza isingeweza kuandika "wajumbe".

#4 Mgogo_wa_Bahi
Mahari pa kikao 😂 dada hicho kikao kijacho ni cha posa. Pole kwa mkono lakini.

Tatizo ni sisi wenyewe huku kati, ulimi wa nyumbani ukikaa sana kwenye L na R mashine haiwezi kutuelewa. Mimi nikiongea na simu nikasema "kulala" inaniandikia vitu vya ajabu. Hizi mashine zimefundishwa sauti za watu wa Dar na Nairobi.

#5 FundiSauti_Makulu
Pole KatibuNzuguni. Mimi nachapa tafsiri na ripoti kwa sauti mwaka wa nne huu kwa sababu ya mgongo, nitakujibu kwa kirefu kidogo maana maswali yako yote mawili nimeyapitia.

Kwanza nukta. Kusema alama kwa mdomo ni amri, na amri inafanya kazi pale tu walioitengeneza programu wamefundisha neno lile kwa lugha ile. Kwa mfano Google Docs, ukurasa wao wa msaada unasema alama za kutamka zinafanya kazi kwa Kijerumani, Kiingereza, Kihispania, Kifaransa, Kiitaliano na Kirusi. Kiswahili hakimo kwenye orodha hiyo ingawa kuandika maneno ya Kiswahili kinaandika vizuri. Kwa hiyo ukisema "nukta" mashine inafanya kazi yake sawasawa kabisa, imesikia neno nukta imeandika nukta. Hujakosea matamshi wala setingi. Hata ukirudia mara mia itaandika nukta mia.

Pili ni mwendo. Hapa watu wengi wanapotea. Mashine haisikii neno moja ikaamua, inasikia kipande kizima halafu inapima maneno gani yanakaa pamoja. Ndo maana ukiangalia skrini wakati unaongea unaona neno limeandikwa, halafu sekunde moja baadae linabadilika lenyewe. Linabadilika kwa sababu maneno yaliyofuata yameipa habari mpya. Sasa wewe ukisema neno, ukatulia, neno, ukatulia, unainyima hiyo habari. Angalia "mwenye kiti" yako. Nina uhakika ulisema mwenye... kiti. Ulipumzika katikati. Na "ali washukuru" hivyo hivyo. Kiswahili chetu kitenzi kimoja ni sentensi nzima, a-li-wa-shukuru, ukikikata katikati unapata vipande viwili ambavyo kila kimoja mashine inakitafutia maana yake.

#6 KatibuNzuguni
@FundiSauti_Makulu ni kweli kabisa nilikata!! Nilidhani namsaidia. Sasa niongee haraka?

#7 FundiSauti_Makulu
Hapana, haraka pia inameza silabi. Ongea kama unavyomhadithia mtu aliyekaa ng'ambo ya meza, maneno sita mpaka kumi kwa pumzi moja, halafu nyamaza kama sekunde moja, endelea. Pumzi uivute pale ambapo hata mtu angevuta, kabla ya "kwamba", kabla ya "kisha", kabla ya "ili". Usiivute kamwe ndani ya neno. Na usinyamaze muda mrefu, programu nyingi zikisikia kimya zinadhani umemaliza zinazima maiki, unakuja kugundua umeongea dakika nzima hewani.

Kuhusu mahari, @Mgogo_wa_Bahi amesema ni ulimi. Inawezekana. Lakini fikiria hivi: mahari inakwenda na "ya", mahari ya binti. Mahali inakwenda na "pa". Ukisema "mahalipakikaokijacho" kwa pumzi moja, ile "pa" inamwambia mashine kwamba ni mahali, hata kama L yako imeteleza kidogo. Ukisema mahali, ukatulia, neno limebaki peke yake halina wa kulishuhudia. Jaribu uone.

#8 Mwl_Mpwapwa
Nimefundisha Kiswahili sekondari miaka mingi, naomba niongeze. Hoja ya upatanisho wa kisarufi ni nzuri sana, sikuwahi kuifikiria kwa upande huu. Hata hivyo haitasaidia kwenye "thamani" na "samani". Samani za ofisi, thamani za ofisi, zote zinapita kisarufi. Wanafunzi wangu wengi wanatamka th kama s na dh kama z, na hata mwalimu mwenzangu anasema "samani ya fedha". Pale hakuna pa wala ya itakayokuokoa, lazima ulimi utoke katikati ya meno. Kwa muhtasari wa kikundi cha fedha hilo neno litakuja tu, dada aliangalie.

Na alama inaitwa nukta au kituo, koma inaitwa mkato. Labda akisema "kituo" mashine itaelewa kwa kuwa ndilo jina lake kwenye vitabu vya sarufi?

#9 Zabibu_Hombolo
@Mwl_Mpwapwa mwalimu nimejaribu sasa hivi kwa simu. Nimesema "tulikutana jana kituo" ikaandika "tulikutana jana kituo". Kituoni kabisa, tulikutana stendi.

#10 Kibaigwa_Mazao
Wadau samahani naingilia. Mimi nina rekodi ya kikao cha ushirika masaa mawili kwenye simu, nataka kuichezesha kwa spika laptopu isikilize iandike yote. Nimejaribu imetoa mistari mitatu tu halafu ikanyamaza. Hii njia ya kuongea kwa pumzi moja nitaifanyaje wakati walioongea ni watu ishirini na wameshaongea?

#11 FundiSauti_Makulu
@Kibaigwa_Mazao hilo lako ni jambo jingine mkuu. Sauti ikitoka kwenye spika ya simu, ikazunguka chumbani, ikaingia maiki ya laptopu, imeshapoteza makali, na watu wanaongea juu ya wenzao, wengine wako mbali na simu. Programu za namna hii zimetengenezwa kwa mtu mmoja anayeongea karibu. Njia inayofanya kazi ni hii: vaa hedifoni, sikiliza rekodi kipande kidogo, kama sekunde kumi, simamisha, halafu rudia wewe kwa mdomo wako ukiwa karibu na maiki. Mashine inasikia sauti moja tu, yako. Hata wale wanaoandika maandishi ya chini ya televisheni ya moja kwa moja nchi za wenzetu kuna wanaofanya hivyo hivyo, mtu anasikiliza mtangazaji anarudia kwa sauti tulivu na alama zake. Masaa mawili yatakuchukua siku nzima, lakini ukiandika kwa mkono ni siku tatu.

#12 Kibaigwa_Mazao
Duh. Nashukuru, nitajaribu na dakika kumi za kwanza. Na zile kelele za "taarifa mwenyekiti, taarifa" narudia pia? 😄

#13 Mgogo_wa_Bahi
Hizo rudia kwa nguvu ndo uhondo wa kikao.

Turudi kwenye nukta. @FundiSauti_Makulu umesema tatizo hukusema dawa.

#14 FundiSauti_Makulu
Dawa yangu ni neno la alama. Unachagua neno ambalo mashine inalijua vizuri, halafu halitatokea kabisa kwenye maandishi yako, unalisema mahali pa nukta. Ukimaliza unatumia tafuta-na-badilisha, Ctrl+H, unalibadilisha lote kwa mara moja liwe nukta.

Wengi wanafikiri basi nitumie hilohilo "nukta", kwani si tayari linaandikwa? Nilianza hivyo. Nikaandika ripoti yenye "milioni mbili nukta tano", nikabadilisha zote, ikawa "milioni mbili. tano". Nilituma bila kusoma. Na "koma" mashine inaisikia "kama", angalia sentensi ya dada hapo juu, "kwa kufika kama kisha". Huwezi kubadilisha kila "kama" iwe mkato, utaharibu hati nzima. "Mkato" ni afadhali lakini kuna njia ya mkato. "Kituo" usiguse, kituo cha afya, kituo cha mafuta.

Neno zuri lina silabi mbili au tatu, lina sauti zisizofanana na neno jingine, na ni neno la kawaida ambalo hata mtoto analijua. Maneno ya kisarufi kama kipumuo mashine inayavunjavunja kwa sababu haijayasikia mara nyingi. Mimi natumia wanyama. Twiga ni nukta, kiboko ni mkato, kifaru ni aya mpya, nyumbu ni alama ya kuuliza.

#15 Zabibu_Hombolo
Kwanini usitumie matunda? Nanasi ni nukta, parachichi ni mkato. Rahisi kukumbuka.

#16 FundiSauti_Makulu
@Zabibu_Hombolo nanasi nililijaribu. "Wajumbe walikubali nanasi" inaandika "wajumbe walikubali na nasi". Na wewe wa Hombolo ukichagua zabibu ndo kabisa.

#17 Zabibu_Hombolo
Hahaha, kweli, risiti zangu zote zingekuwa nukta tupu.

#18 MamaKongwa
Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo. Mimi mbona naona mnajichosha, mimi naongea kipande, nanyamaza, naweka nukta mwenyewe kwa kidole, naendelea. Kwenye laptopu maiki haizimi ukigusa kibodi. Tabu iko wapi?

#19 FundiSauti_Makulu
@MamaKongwa marahaba mama. Ni kweli kwenye Docs unaweza kurekebisha kwa mkono maiki ikiwa imewaka, hata kwenye ukurasa wao wa msaada wamesema hivyo. Kwa mtu mwenye mikono yote miwili labda ndo njia fupi kuliko zote. Angalizo moja tu, usiweke nukta kabla maneno hayajatulia. Kama bado yanabadilika kwenye skrini nukta yako inaangukia katikati ya sentensi. Hesabu moja, mbili, ndo bonyeza.

#20 MamaKongwa
Hapo sawa baba, mimi nahesabu kwa kumeza mate.

#21 Mwl_Mpwapwa
Lakini FundiSauti, ukibadilisha twiga kuwa nukta, herufi kubwa ya mwanzo wa sentensi inayofuata inatoka wapi? Mashine haikujua kwamba pale sentensi iliisha. Nisingependa kuona muhtasari wa "alifungua kikao. aliwashukuru".

#22 FundiSauti_Makulu
Mwalimu umegusa kidonda. Haitoki. Nafanya hivi, na dada Katibu fuata hatua kwa hatua:

Ukimaliza kuongea kopi maandishi yote peleka kwenye Word. Bonyeza Ctrl+H. Kwenye kisanduku cha juu andika nafasi moja halafu twiga, yaani usianze na twiga, anza na nafasi. Kisanduku cha chini andika nukta peke yake. Ile nafasi ya mbele ni muhimu, bila hiyo unapata "asubuhi ." nukta imekaa mbali na neno. Rudia hivyo kwa kiboko na nyumbu. Kwa kifaru, juu weka nafasi, kifaru, nafasi, na chini weka:

```
^p
```

Hiyo ndo Word inaielewa kama aya mpya. Halafu chagua maandishi yote, nenda Home, bonyeza alama ya Aa, chagua Sentence case. Kila sentensi inaanza kwa herufi kubwa.

Sasa ubaya wake. Sentence case inashusha herufi nyingine zote kuwa ndogo, kwa hiyo Chamwino inakuwa chamwino, na majina ya wajumbe yote yanashuka. Mimi nina orodha ya majina yangu ya kila mara kumi na mbili, nayarudisha kwa Ctrl+H moja moja. Kwa ukurasa mmoja wenye sentensi ishirini ni bora ukarekebishe kwa macho tu, unaenda haraka kuliko kurudisha majina.

#23 Dereva_Sabasaba
Nimesoma uzi wote. Kiswahili chenyewe kwenye hizi programu kimeingia juzi juzi tu mwaka juzi hapo, kitakaa sawa kadiri siku zinavyoenda, wataweka na nukta. Subirini.

#24 FundiSauti_Makulu
@Dereva_Sabasaba si juzi mkuu. Google waliongeza Kiswahili kwenye kuandika kwa sauti Agosti 2017, pamoja na Kiamhari na lugha nyingine, jumla zilikuwa 30 kwa mkupuo. Tangu hapo maneno yameboreka sana, hilo sikatai. Lakini dada ana plasta ya wiki sita.

#25 Mgogo_wa_Bahi
Na wale wanaokusanya sauti za watu kujitolea, ule mradi wa Common Voice wa Mozilla, Kiswahili kimo. Mtu unasoma sentensi kwenye simu yako unaitoa. Narudi palepale, wakisoma watu wa mjini tu mashine itazoea ulimi wa mjini. Wagogo tuingie tukasome.

#26 Dereva_Sabasaba
Mimi naona shida ni maiki tu sio ulimi. Nikiwa ndani ya gari vioo vimefungwa inaandika safi, nikiwa nje na huu upepo wetu wa Dodoma haiandiki kitu, ulimi ni uleule.

#27 FundiSauti_Makulu
Upepo unaua kabisa, na mvua kwenye bati pia. Gari lina viti vya kitambaa, sauti hairudi, ndo maana. Chumba chenye sakafu ya vigae na kuta tupu kina mwangwi, kaa karibu na pazia au godoro. Maiki iwe mbali na mdomo kama shubiri moja, na iwe pembeni kidogo ya mdomo, isiwe mbele yake, maana ukisema "pesa" ile p inapuliza hewa moja kwa moja ndani.

Ila @Dereva_Sabasaba hiyo haikanushi ya ulimi. Vyote vinaweza kuwa kweli kwa wakati mmoja. Ukitaka kujua kwako tatizo ni lipi, chukua aya moja ya maneno hamsini, isome ndani ya gari kwa kasi yako, hesabu maneno yaliyokosewa. Isome tena hapohapo kwa pumzi ndefu. Kisha mpe mtu mwingine asome aya hiyohiyo, maiki hiyohiyo. Kama wote mnakosewa sawa basi ni maiki au chumba. Kama mwenzako anapata wewe unakosa ni matamshi au mwendo wako.

#28 KatibuNzuguni
Wakuu nimerudi. Jana usiku nimekaa chumbani karibu na pazia watoto wamelala, nimefanya muhtasari mzima upya kwa twiga na kiboko. Naweka sentensi ileile ya mwanzo mlinganishe wenyewe. Hii ndo iliyotoka kabla ya kubadilisha:

"mwenyekiti alifungua kikao saa nne asubuhi twiga aliwashukuru wajumbe kwa kufika kiboko kisha akasema mahali pa kikao kijacho patakuwa kwa mama lishe twiga mjumbe mmoja aliuliza je fedha za saruji zimepatikana nyumbu"

Na baada ya Ctrl+H na kurekebisha herufi kubwa:

"Mwenyekiti alifungua kikao saa nne asubuhi. Aliwashukuru wajumbe kwa kufika, kisha akasema mahali pa kikao kijacho patakuwa kwa mama lishe. Mjumbe mmoja aliuliza je fedha za saruji zimepatikana?"

Mwenyekiti ameungana, aliwashukuru imeungana, na mahali imekuwa mahali!! Nilisema "mahali pa kikao kijacho" yote kwa pumzi moja kama ulivyoniambia. Ukurasa mmoja na nusu umenichukua dakika thelathini na tano pamoja na kusahihisha.

Lakini nusura niharibu. Kikundi kinajenga banda la kuku wa pamoja, kwenye matumizi kuna mstari "mifuko kumi na mbili ya saruji ya Twiga". Nilipobadilisha zote ukawa "mifuko kumi na mbili ya saruji ya." Bahati nzuri mume wangu alisoma akauliza saruji ya nini.

#29 Mgogo_wa_Bahi
Saruji ya nukta 😂😂 Asante mume.

#30 FundiSauti_Makulu
Hongera sana dada! Hilo la saruji sikulifikiria kabisa, mimi sijawahi kuandika habari za ujenzi. Basi kabla ya kubonyeza badilisha zote, bonyeza kwanza tafuta tu, uone yako mangapi na uyapitie kwa macho. Na wewe badilisha twiga uweke mnyama mwingine, ngiri au swala.

#31 Mwl_Mpwapwa
Swala na sala na suala, mashine itachanganya. Na "suala" kwenye kikao halikosekani.

#32 FundiSauti_Makulu
Mwalimu umenishika. Ngiri basi.

#33 MamaKongwa
Na tarakimu je? Mimi nikisema laki tano na elfu ishirini mara inaandika kwa maneno mara inaweka namba, mara nusu nusu. Kwenye hesabu za watu mimi siamini, pesa zote naandika kwa kidole.

#34 KatibuNzuguni
@MamaKongwa mimi pia imenifanyia hivyo mama. Zote za jedwali la marejesho nimeandika kwa mkono wa kushoto. Nilipofika kwenye pesa nilikuwa nasema "hapa pesa" naendelea, halafu narudi kujaza. Nikisahau moja inaonekana haraka kwa sababu "hapa pesa" imebaki imekaa hapo.

#35 FundiSauti_Makulu
Hiyo "hapa pesa" ni nzuri sana, naichukua.

#36 Kibaigwa_Mazao
Mrejesho wa kwangu. Dakika kumi za rekodi zimenichukua lisaa na robo kwa hedifoni na kurudia kwa mdomo. Imeandika vizuri kuliko nilivyotegemea. Tatizo langu moja, nikirudia maneno ya mzee mmoja wa ushirika najikuta naongea kwa lafudhi yake na mashine inaanza kukosea, nikirudi kwenye sauti yangu inakaa sawa. Kwa hiyo @Mgogo_wa_Bahi hapo nakuunga mkono.

#37 Dereva_Sabasaba
Au ulikuwa unaongea kwa mwendo wa yule mzee, wazee wanapumzika katikati ya maneno.

#38 Kibaigwa_Mazao
Hmm. Inawezekana pia. Sikuangalia.

#39 Zabibu_Hombolo
Kuna mtu amejaribu kuchagua Kiswahili (Kenya) badala ya Tanzania? Binamu yangu ananiambia ile ya Kenya inamwandikia vizuri zaidi na yeye kazaliwa Kondoa hajawahi kuvuka Namanga.

#40 Mgogo_wa_Bahi
Mimi nilijaribu sikuona tofauti. Labda kwa maneno ya mkopo.

#41 KatibuNzuguni
Kesho jioni nina kikao kingine, nitasoma aya moja ya maneno hamsini kwa zote mbili, Kenya na Tanzania, chumba kilekile na pumzi zilezile, nitaweka hapa zote. Mkato nabaki na kiboko. @FundiSauti_Makulu, nuktamkato wewe unatumia mnyama gani?